Tarakimu Zenye Irabu

"Bandia," alisema Bwana Abrahman.

Alilisema neno hilo kwa sauti ya chini, macho yake kwenye boksi na si kwa mtu, kwa ile adabu ya watu wa mjini wanaoweza kukuvunjia heshima bila kukukodolea macho. Lakini stoo ya dawa ya hospitali ile ya Mpendae ni chumba kidogo, na wote waliokuwamo walimsikia. Himid, aliyeyaleta maboksi, alimsikia. Thuwaiba, mfamasia mwenye stoo, alimsikia zaidi, kwa sababu Himid alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja.

"Sema tena," alisema Himid.

"Sijasema wewe ndo uliyezitengeneza. Nnasema boksi hizi si za kweli. Tazama mwenyewe."

Wakatazama. Kila dawa inayoingia stoo ile hupigwa skana kwanza, ule mraba mdogo wa vidoti vyeusi ulio ubavuni mwa boksi, na kompyuta hujaza yenyewe jina la dawa, toleo lake na tarehe. Siku zote hufanya hivyo, haina maringo. Leo skana ililia *ti*, taa yake ikawaka kijani, na kwenye skrini ukatokea mstari ambao hata Bwana Abrahman, aliyewahi kufanya kazi ofisi tatu za serikali na kuona mengi, hakuwahi kuuona. Tarakimu zimeongozana, halafu ghafla tarakimu nyengine zimebeba vijistari juu na vijistari chini, nyengine vinyweleo vilivyojikunja, kisha tarakimu tena. Chini yake programu imeandika kwa rangi nyekundu: *Msimbo hautambuliki.*

"Hii ni takataka," alisema Bwana Abrahman. Alikuwa meneja wa hospitali, mtu wa utaratibu, suruali yake siku zote ina mkunjo. "Mtu kachapisha vidoti ovyo ilimradi boksi lionekane la kiwandani. Nimejaribu kwa simu yangu pia, kamera inakodoa tu, haisemi kitu."

"Simu yako inasoma ile miraba mikubwa ya mikahawani," Thuwaiba alimjibu. "Hii ni aina nyengine. Kamera za simu nyingi haziijui."

"Haya, na hii je?" Bwana Abrahman alichukua chupa yake ya juisi iliyokuwa mezani, akaifuta jasho kwa kiganja na kuipiga skana kwenye ile milia yake. *Ti.* Tarakimu kumi na tatu zikajipanga kwenye skrini, safi, hazina hata doa. "Umeona? Skana nzima. Kompyuta nzima. Kibovu ni hiki."

Akaligonga boksi kwa kidole.

Mlangoni alikuwa amesimama Zuleikha, muuguzi wa chumba cha upasuaji, kofia yake ya kijani kichwani. Dawa yenyewe ilikuwa oksitosini, ile sindano anayopigwa mama akishajifungua ili kizazi kikaze na damu ikate. Juu, wodini, Bashira mke wa muuza samaki alikuwa anaandaliwa kupasuliwa baada ya adhuhuri, na kwenye friji la upasuaji zilibaki ampuli mbili tu. Zuleikha hakuja kusikiliza mashauri ya vidoti.

"Jamani, mimi nnataka boksi moja tu niende zangu," alisema. "Barafu lenu hilo linayayuka."

Kweli, kwenye lile deli la barafu alilokuja nalo Himid maji yalikuwa yashaanza kuchuruzika sakafuni. Dawa ile haipendi joto.

"Hakuna boksi linalotoka hapa," alisema Bwana Abrahman. "Ntawapigia wakaguzi waje kuyachukua."

Himid alicheka, kicheko cha mtu aliyeumizwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, kanzu nyeupe, ndevu kapunguza vizuri, na duka lake la dawa za jumla Mlandege lilikuwa na jina. "Wakaguzi! Bwana Abrahman, ushawahi kusikia mtu kadhurika kwa dawa ya Himid? Wewe uliza Ng'ambo nzima. Uliza mpaka Tumbatu! Leo kimashine kikohoe, basi mimi nimekuwa muuza sumu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema bandia. Neno hilo likitoka mlango huo, mpaka alasiri litakuwa limefika Malindi, na kesho halina mwenyewe wa kulirejesha."

Hapo Thuwaiba alijua kaka yake hakutia chumvi. Muuza nguo akisingiziwa, watu watanunua kwa kukagua mshono. Muuza dawa akisingiziwa hana cha kukaguliwa, watu wanapita mbali tu na duka lake, na wakikutana naye msikitini wanamsalimia kwa huruma. Na huyu hakuwa muuza dawa yeyote. Baba yao alipofariki, Thuwaiba alikuwa bado anapelekwa chuo cha Kurani kwa kushikwa mkono, na aliyemshika mkono ni Himid. Siku ya ndoa yake aliyekaa kama walii ni Himid. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye Thuwaiba angesimama mbele ya wakaguzi, askari na kadhi kumtetea, ndiye huyu mwenye kanzu.

"Bwana Abrahman, nipe muda kidogo," alisema. "Usipige simu bado."

"Wa nini?"

"Skana haibahatishi."

Alivuta kiti, akakaa, akaukodolea ule mstari. Jambo hilo alikuwa na uhakika nalo. Mraba ule wa vidoti hubeba maneno yake pamoja na akiba ya ziada ya kujisahihisha, hata ukichubuka pembeni skana hurekebisha na kusoma kilichoandikwa. Ikishindwa hunyamaza. Haina tabia ya kulia *ti* halafu ikakupa uzushi. Kwa hiyo kama mstari umeharibika, basi ama umeandikwa hivyo tangu huko ulikotoka, ama umeharibikia njiani, baada ya skana kuusoma na kabla ya macho kuuona. Swali ni lipi kati ya hayo mawili.

Alinyanyuka akaenda kwenye rafu, akateremsha boksi la dawa ya kuua bakteria ambalo yeye mwenyewe alilipokea wiki iliyopita bila tatizo. Akalipiga skana. *Ti.* Tarakimu, tarakimu, halafu vijistari juu, vijistari chini. *Msimbo hautambuliki.*

"Hili pia ni bandia?" aliuliza. "Wiki iliyopita lilisomeka neno kwa neno."

Bwana Abrahman alikaribia. Himid alikunja mikono kifuani, akamtazama dada yake kwa fahari isiyofichika.

"Juisi imesomeka," alisema Bwana Abrahman, lakini sauti imepungua.

"Juisi ina tarakimu tupu. Hizi zina tarakimu na herufi. Tarakimu zinapita salama, herufi ndo zinaharibika." Thuwaiba alijiinamia tena kwenye skrini, na safari hii aliacha kuutazama mstari kama msimbo, akautazama kama maandishi ya mtu. Kile kijistari kilicholala juu ya sifuri. Kile chenzake chini yake. Kile kikia kilichopinda juu ya saba.

Akacheka kwa sauti. Alikuwa akizijua alama hizo tangu hajaota meno ya utu uzima. Aliyemfundisha ni huyuhuyu Himid, alipokuwa khalifa pale chuoni kwao akiwashikisha watoto wadogo irabu za Kiarabu, fimbo ya mwanzi mkononi. Fat-ha juu, kasra chini, dhumma ina mkia.

"Kaka, njoo usome. Hii si fat-ha?"

Himid aliinama, akavaa miwani. "Fat-ha," alisema. "Na hii kasra. Na dhumma hii hapa. La ilaha! Sifuri ina fat-ha na kasra kwa pamoja? Tangu lini sifuri ikatiwa irabu?"

"Bwana Abrahman, asubuhi ulikitumia hiki kibodi?"

Meneja alikohoa. "Printa yangu imekwisha wino. Nimechapa hapa tangazo la khitma ya marehemu mama yake daktari."

"Kwa herufi gani?"

"Juu nimeandika Bismillahi na aya moja. Kwa Kiarabu, bila shaka. Aya utaiandikaje kwa herufi za kizungu?"

"Na ulipomaliza, kibodi ulikirejesha?"

Bwana Abrahman alikitazama kile kibodi, na vile vibandiko vya herufi za Kiarabu alivyovinunua mwenyewe Darajani akavibandika kwa mkono wake. Zuleikha pale mlangoni alijiziba mdomo.

Thuwaiba alieleza, na alieleza kwa raha, maana ni nadra mfamasia kupata hadhira. Skana haitumi maneno kwa kompyuta. Inajifanya ni mtu anayebonyeza kibodi, upesi kuliko mtu yeyote. Ikisoma Q kubwa, inabonyeza kitufe cha Q cha herufi kubwa. Sasa kibodi kikiwa kimewekwa Kiarabu, kitufe hicho si Q tena, ni fat-ha. A kubwa ni kasra. E kubwa ni dhumma. Alifungua ukurasa mtupu, akabonyeza mwenyewe vitufe hivyo vitatu, na irabu tatu zikatokea zikining'inia hewani, hazina herufi ya kukalia.

"Na ubavuni mwa boksi namba ya toleo imechapwa nini? Nisomee, Bwana Abrahman."

"QA417E."

"Na kwenye skrini?"

Meneja alifuata kwa kidole. "Fat-ha, kasra, nne, moja, saba… dhumma." Akamgeukia Himid. Alikuwa mtu wa utaratibu, lakini hakuwa mtu mbaya. "Bwana Himid, nakuomba radhi. Mbele ya watu nimekosea, na mbele ya watu nnakuomba radhi."

"Yamekwisha, yakhe," alisema Himid, akampa mkono. "Makosa ya binadamu."

Hapo Thuwaiba angeweza kusimama. Kibodi kimejulikana, jina la kaka limesafika, deli linayayuka. Lakini mtu akishinda hupenda kushinda mpaka mwisho, na yeye alitaka pasibaki hata mwanya wa shaka kwamba mstari ule ni halali. Alivuta karatasi.

"Tazameni, hata bila ya kubadilisha kibodi unaweza kujua kama hii ni takataka au si takataka. Takataka haina mpangilio. Hii ina mpangilio. Inaanza na 01. Maana yake, zinazofuata ni tarakimu kumi na nne za kuitambulisha dawa, na ya mwisho kati yao ni mlinzi wa wenzake." Aliziandika: 09521007031848. "Unaiacha ile ya mwisho. Zilizobaki, ya kwanza unazidisha kwa tatu, ya pili kwa moja, ya tatu kwa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, unajumlisha." Kalamu ilikwenda mbio. "Sitini na mbili. Kufika sabini panatakiwa nane. Na ya mwisho ni ngapi? Nane. Mtu angechapa ovyo, angehitaji bahati kuipata."

"Mashallah," alisema Bwana Abrahman.

"Halafu inakuja 17. Hii ni tarehe ya mwisho ya matumizi. Tarakimu sita, mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo hapa ni ishirini na…"

Akasita.

Alisoma tena, mdomo umefungwa. 17, halafu 250831.

Alilitazama boksi. Juu ya kadi nyeupe, kando ya vile vidoti, imechapwa kwa wino mweusi: mwisho wa matumizi, 08/2027. Alitazama skrini. Tarakimu hazikuvaa irabu yoyote mahali pale, hapakuwa na la kusingizia. Agosti tarehe thelathini na moja, mwaka ishirini na tano. Mwaka jana.

"Nshaelewa, Bi Thuwaiba, nshaelewa," Bwana Abrahman alidakia, akiangalia saa, akidhani amesita kwa kuchoka. "Umenifunza leo. Msimbo ni wa kweli, basi dawa ni ya kweli. Badilisha hicho kibodi uyapokee tumalize."

Muda mfupi tu uliopita Thuwaiba alikuwa akimwomba Mungu mstari ule usiwe takataka. Sasa, na aliona haya hata mwenyewe, alimwomba uwe takataka. Tarakimu moja ya kulinda si hoja, alijiambia, katika takataka kumi moja inaweza kupita kwa bahati. Alichukua boksi la pili kutoka kwenye deli, limelowa maji ya barafu, akalipiga skana. *Ti.* Mistari miwili ikakaa juu na chini. Namba ya dawa ileile. 17250831 ileile. Fat-ha, kasra, 417, dhumma. Mwisho kabisa tu, kwenye namba ya boksi lenyewe, ndipo mistari ilipotofautiana, kama inavyotakiwa itofautiane, maana hakuna maboksi mawili yenye namba moja. Alichukua la tatu. Ilikuwa hivyohivyo.

Takataka haijui kwamba Agosti ina siku thelathini na moja. Takataka haijirudii mara tatu kwa nidhamu na kubadilika pale tu inapopaswa kubadilika. Mstari ule ulikuwa mzima kuliko mstari wowote aliowahi kuusoma, na ulikuwa umetoka kiwandani siku dawa ilipotengenezwa, kabla haujafika mkono wa mtu yeyote. Aliinua boksi karibu na taa. Kadi ilikuwa imekwaruzika kidogo pale penye ile 7 ya mwisho, na wino wake ulikuwa mweusi kuliko wa wenzake.

Alimtazama kaka yake.

Himid alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anavitazama vile vidoti. Fahari yote ilikuwa imemtoka usoni tangu dada yake alipotamka neno "tarehe".

"Mimi nnaona hivi," alisema ghafla, kwa uchangamfu uliozidi. "Tusisumbuane. Maboksi haya yameshashikwashikwa, barafu limeyayuka, si vyema. Nnayachukua, nnarudi Mlandege, nnakuleteeni mengine. Mapya. Leo hii hii."

"Ya nini tena?" Bwana Abrahman alishangaa. "Nshakwambia nimekosea! Au bado una kinyongo?"

"Sina kinyongo. Nnapenda kazi safi tu."

"Hapana, hapana. Ukiyatoa haya, watu watasema tumeyakataa. Zuleikha, chukua boksi lako uende."

Na Zuleikha, ambaye alikuwa anasubiri neno hilo tu, aliingia, akanyakua boksi moja kwenye deli, akalipangusa kwenye gauni lake na kugeuka.

Kwa Thuwaiba palikuwa na njia mbili, na zote alizijua pale pale. Angeweza kumwambia Zuleikha aliache hilo boksi, maana mwenye mali mwenyewe kasema joto limeliharibu. Kila mtu angekubali. Himid angeyapakia, angetoka mlangoni na jina lake zima, na hakuna ambaye angejua kitu, maana waliobaki wote wanaona vijistari tu. Lakini maboksi hayo yangekwenda wapi? Hayangekwenda kuchomwa moto. Mtu aliyekaa akakwaruza 5 akapiga 7, boksi baada ya boksi, hakufanya hivyo ili ayachome. Yangekwenda zahanati nyengine, penye friji bovu na mkunga mmoja, pasipo na skana wala mtu wa kuuliza, na mama mmoja angepigwa sindano na damu isikate, na yule mkunga angeambiwa ni kazi ya Mungu.

"Zuleikha, weka chini."

"Khaa! Kuna nini tena?"

"Weka chini, shoga yangu. Tafadhali."

"Thuwaiba," alisema Himid. Alisema jina lake tu, taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia nyumbani alipokuwa mtoto.

Thuwaiba alikigeukia kile kibodi. Machozi yalikuwa yashamfika kwenye kope, akawa hata herufi za vibandiko hazioni vizuri. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kwenye pembe ya skrini alama ya Kiarabu ikabadilika. Akaufuta mstari. Akachukua skana, akalipiga boksi alilolirudisha Zuleikha.

*Ti.*

Safari hii programu haikulalamika. Ilijaza jina la dawa. Ilijaza toleo, QA417E. Ilijaza tarehe, na tarehe ikageuka nyekundu, na kisanduku kikafunguka katikati ya skrini: *Dawa imekwisha muda. Usipokee.*

Bwana Abrahman alisogea, akasoma skrini, akasoma boksi, akasoma tena skrini. Zuleikha alilichana lile boksi, akatoa ampuli moja, akaiinua juu. Pale kwenye kikaratasi chake, mahali pa tarehe, palikuwa pamefutwa kwa spiriti, pamebaki ukungu wa kijivu.

"Mungu wangu," alisema Zuleikha. "Hii nilikuwa nnakwenda kumpiga Bashira."

"Zile mbili ulizonazo zinamtosha huyo," Thuwaiba alisema, akijilazimisha kufikiri kazi. "Hakikisha mwenyewe tarehe yake. Mimi ntaazima nyengine hospitali ya jirani kabla hajaingia." Zuleikha alitoka akikimbia.

Kisha Thuwaiba alimgeukia kaka yake. Bado palikuwa na mlango mmoja wazi, na kwa roho yake yote alitaka apite hapo. "Kaka," alisema, "umeuziwa hivi? Kuna mtu kakuuzia hivi, na wewe hukujua?"

Alisubiri. Angemwamini. Kama angesema neno moja tu, ndiyo, angemwamini, na pengine angeendelea kumwamini maisha yake yote, akijua anavyofanya.

Himid alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Mimi nilidhani vile vidoti ni urembo wa kampuni," alisema. "Sikujua kama vinasomeka."

Ilimchukua Thuwaiba muda kuelewa kwamba hilo lilikuwa ndilo jibu. Hakuwahi kumchukia kaka yake na hata sasa hakumchukia, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma kuliko yote.

"Nyengine umempelekea nani?" aliuliza.

"Thuwaiba, hebu tuzungumze nyumbani…"

"Kaka. Toleo hili, nyengine umempelekea nani?"

Himid alimtazama Bwana Abrahman, kisha mlango. Bwana Abrahman alikuwa amesimama mbele ya mlango huo, bila ya ukali, lakini amesimama. "Kituo kimoja tu," alisema Himid mwishoni. "Kaskazini huko. Boksi mbili."

"Lini?"

"Juzi."

"Piga simu. Hapa hapa, tusikie sote."

Alitoa simu kwenye mfuko wa kanzu. Vidole vyake vilitafuta jina kwa muda mrefu, na alipolipata alibonyeza na kuiweka mezani, kati ya maboksi. Simu iliita. Iliita tena. Kisha ikapokewa, na sauti ya mwanamke, nyepesi, yenye kelele za kitoto kichanga nyuma yake, ikajaa stoo.

"Bwana Himid! Shikamoo! Na mimi nilikuwa nnataka kukupigia nikushukuru. Zile dawa zako ndo zimetuokoa, tulikuwa hatuna hata moja. Leo asubuhi tumeshamtilia mama mmoja."

Himid alifungua mdomo.

"Bwana Himid? Upo?"

"Nipo, Sichana."

"Basi nikwambie, huyu mama mpaka sasa damu inamtoka tu, nshampiga ya pili, na sijui kwa nini haimshiki. Nilikuwa nnataka kukuuliza, ile dawa si ya juzijuzi tu?"

Himid aliitazama simu tu. Thuwaiba aliinyakua.

"Bi Sichana, mimi Thuwaiba, mfamasia, Mpendae. Usimpige ya tatu, haina nguvu hiyo. Mkande kizazi kwa mkono, usiache, na muite mwenzako aite gari. Nnakuja na nyengine. Unanisikia? Usikate simu."